Kocha, mbona hesabu yangu ya protini unaikata nusu?

Salamu alaikum Kocha,

Huu ni mwezi wa tatu nakutumia hesabu ya chakula changu kila Jumapili. Ulinipa lengo la gramu 125 za protini kwa siku, na kwa mujibu wa programu ya simu sijawahi kushuka chini ya 150. Jumanne iliyopita nilifika 167. Juzi pale jimu ukaishika simu yangu, ukatazama, ukacheka kidogo, ukasema, "Hii imejaa maji." Sikupenda, nakwambia ukweli.

Mizani ya jikoni ninayo, niliinunua kwa kazi hii tu. Bakuli la mbaazi napima mwenyewe mezani. Kuku, mke wangu hupima kila kipande asubuhi kabla hakijaingia sufuriani, maana ananijua. Sikisii kitu. Sasa hayo maji yanaingilia wapi? Na kama protini ni nyingi hivyo, mbona skwati imekwama kilo 80 hii wiki ya tano, na mkanda wa suruali nimeuvuta tundu mbili wakati sikusema nataka kukonda? Nina kilo 78, figo na sukari nimepima, niko salama. Nieleze polepole na usinifiche.

Wako wa zamu ya alfajiri, Kisauni

* * *

Waalaikum salaam ndugu yangu,

Kwanza niwie radhi kwa kile kicheko. Nilikuwa najicheka mwenyewe. Miezi yote hii nimekuwa nikitazama jumla iliyo chini ya ukurasa, naona 160, naona 155, natia alama ya vyema, naendelea na mteja mwingine. Kufungua mlo mmoja mmoja nione kilichomo, sikufungua hata siku moja. Hilo ni kosa langu, na ungekuwa na haki ya kunikasirikia kwa hilo kuliko kwa kicheko.

Jana usiku nimekaa na ile Jumanne yako, mstari kwa mstari. Mizani yako haikudanganya, wala mkeo hakukosea kupima. Uzito wote ni sahihi. Tatizo ni kwamba kila uzito mmeuoanisha na mstari usio wake ndani ya programu: chakula kilichopikwa kimehesabiwa kama kikavu, na chakula kibichi kimehesabiwa kama kilichopikwa. Ni makosa mawili yaliyopishana kabisa, na kwa bahati mbaya yote mawili yanavuta upande mmoja.

Tuanze na bakuli la asubuhi, maana hapo ndipo pana kisa chenyewe.

Umeandika mbaazi gramu 200, programu ikakupa gramu 43 za protini. Nilipobonyeza ule mstari uliouchagua nikakuta umeandikwa "Mbaazi" tu, na chini yake kalori 343 kwa kila gramu 100. Hapo hapo nikajua. Mbaazi zenye kalori 343 ni zile kavu za kwenye gunia, zinazogongana ukizitia bakulini. Kavu zina protini kama gramu 21 au 22 katika kila 100. Lakini wewe hukutafuna mbaazi kavu. Ulikula zilizolala majini usiku kucha, zikachemshwa mpaka zikalainika, kisha zikatiwa tui. Mbaazi ikichemka hunywa maji hadi uzito wake unafika mara mbili na nusu au zaidi. Protini iliyokuwa ndani haikuongezeka, imetawanyika tu kwenye uzito mkubwa. Kwa hiyo gramu 100 za mbaazi zilizochemshwa, bila mchuzi, zina protini kama gramu 7. Na bakuli lako lina mchuzi. Tui ni tamu, lakini mwingi wake ni maji na mafuta, protini ni ya kuhesabia vidole.

Sikutaka nikwambie haya kwa maneno matupu, kwa hiyo Jumamosi nilipika. Nilipima sufuria tupu, ikaja gramu 900. Mbaazi kavu nikapima gramu 500 kamili. Hizo, kwa hesabu ya gramu 21.7 katika kila 100, zina protini gramu 108, na hiyo ndiyo protini yote itakayokuwemo sufuriani, ziive zisiive. Nikazipika kama kwetu, na kitunguu, bizari na tui la nazi moja, mpaka mchuzi ukawa mzito. Nikaitua sufuria mizanini na vyote vilivyomo: gramu 2,900. Nikatoa zile 900 za sufuria, zikabaki 2,000 za chakula. Gramu 108 zimetandazwa ndani ya gramu 2,000, maana yake kila gramu 100 za chakula ina 5.4. Bakuli la gramu 200 lina gramu 11.

Ukitaka, ongeza moja au mbili kwa ajili ya tui, sitagombana nawe. Lakini si 43. Kwa kifungua kinywa peke yake, gramu 32 zilikuwa ni maji ya kuchemshia.

Sasa mchana. Mkeo alipima paja la kuku na mguu wake, gramu 220, bichi. Kwenye programu ukachagua "Kuku, kifua, kilichopikwa, bila ngozi", chenye gramu 31 kwa kila 100, ukapata 68. Nadhani uliandika "kuku" na huo ndio mstari uliokuja wa kwanza, kwa sababu watu wa mazoezi duniani kote wanakula kifua na programu imewazoea. Mstari wenyewe si wa uongo. Kifua kilichopikwa kweli kinafika gramu 31. Kinafika huko kwa sababu moto umekitoa maji: kabla ya kupikwa, kifua hicho hicho ni gramu 22 au 23 kwa kila 100. Nyama hufanya kinyume cha mbaazi. Mbaazi hunywa maji, nyama huyatoa. Kwa hiyo ukipima nyama bichi ukaisomea mstari wa iliyopikwa, umeihesabia protini juu ya maji ambayo bado hayajatoka.

Hapo bado hatujafika kwenye mfupa. Paja na mguu wake, karibu robo ya uzito wake ni mfupa, pengine zaidi kidogo. Kwenye gramu 220 zako toa kama 60, zibaki 160 za nyama na ngozi. Na nyama ya paja pamoja na ngozi yake, ikiwa bichi, ina protini kama gramu 17 kwa kila 100, kwa sababu ngozi ni mafuta mengi. Mia na sitini kwa hesabu hiyo ni gramu 27.

Hilo nalo nililipima. Jumapili nilikula kuku wa kupaka kwa dada yangu, na mbele ya watoto wake waliokuwa wakinicheka nikaweka sahani juu ya mizani. Kipande kilichoiva kilikuwa gramu 165. Nikakila mpaka gegedu, nikarudisha mifupa mizanini: gramu 55. Niliyokula mimi ni gramu 110. Paja lililopikwa na ngozi yake hukaa kwenye gramu 25 hivi kwa kila 100, kwa hiyo 27 au 28. Unaona njia mbili, ya kibichi na ya kupikwa, zimekutana pale pale. Ukishika mstari ulio sawa, haijalishi umepima kabla au baada. Zikikukataa kukutana, ujue kuna mstari mmoja si wake.

Na hili nalitaja kwa sababu liliniumiza kichwa: kama ungekosea kinyume, yaani mbaazi upime kavu na usome mstari wa zilizochemshwa, na kuku upime aliyeiva bila mfupa na usome mstari wa kibichi, hesabu yako ingepungua badala ya kuzidi. Ungekuwa unakula vizuri huku unadhani una njaa. Lakini sijawahi kukutana na mteja aliyekosea upande huo. Sisi wote tukipewa mistari mitano, kidole kinakwenda kwenye wenye namba kubwa, na roho inatulia.

Kopo lako la unga wa protini sitalisemea sana. Lebo inasema kipimo kimoja ni gramu 33 za unga, na ndani yake gramu 24 za protini. Wewe huandika kipimo kimoja kila ukichota kijiko kimoja. Alhamisi uliliacha kopo kabatini, nikachota mara tatu kama unavyochota wewe, kijiko kilichosawazishwa juu, nikapima: 24, 26, 25. Kijiko hakijui gramu, kinajua ujazo, na unga ukitikiswa unajaa hewa. Gramu 25 za unga huo ni protini 18, si 24. Weka bilauri juu ya mizani, ibonyeze irudi sifuri, uchote mpaka isome 33. Basi.

Vilivyobaki viko sawa. Mayai matatu umeyaandikia 19, na hiyo ni haki yake, yai la kawaida ni gramu 6 na ushei. Mahamri mawili umeyapa 6, chai ya maziwa 3, wali uliopikwa 4. Kwa hiyo Jumanne yako, ukiiandika upya, inasomeka hivi: mbaazi 11, mahamri 6, chai 3, kuku 27, wali 4, unga 18, mayai 19. Jumla ni 88. Wewe uliandika 167.

Najua inauma. Lakini 88 kwa mtu wa kilo 78 si njaa. Ni kama gramu 1.1 kwa kila kilo ya mwili, na mtu asiyebeba vyuma angeshukuru. Lengo lako la 125 nililipata kwa kuzidisha kilo zako kwa 1.6, kiwango ambacho tafiti nyingi za wanaojenga misuli zimeishia karibu nacho. Upungufu wa gramu 37 kila siku, miezi mitatu, kwa mtu anayenyanyua mara nne kwa wiki, si mdogo.

Hata hivyo, skwati yako sidhani imekwamishwa na protini peke yake, na hapa ndipo mkanda wako unapoingia. Mstari usio wake haudanganyi protini tu, unadanganya kila kitu kilichomo. Zile mbaazi programu ilizihesabia kalori 686. Bakuli langu la Jumamosi, hata na tui lake, lilikuja kama 260. Kuku wako aliandikiwa 363, na kihalisi ni 250 au chini yake kidogo. Unga nao umepungua kidogo. Ukijumlisha, siku ile ulikula pungufu ya kalori zaidi ya 500 kuliko ulivyoamini. Ulikuwa unakonda bila kukusudia, na simu inakuambia unashiba. Mtu aliye kwenye hali hiyo skwati yake kukaa kilo 80 wiki tano ni jambo la kutarajiwa. Mimi nilikuwa naulaumu usingizi wako. Samahani kwa hilo pia.

Niliangalia na siku nyingine. Ijumaa uliandika samaki changu wa kuchoma gramu 400, mstari wa mnofu uliochomwa, gramu 26 kwa kila 100, ukapata 104 kwa kitoweo kimoja. Changu mzima anaponunuliwa ana kichwa, miba, mapezi na matumbo. Anayeliwa ni kama nusu yake. Mnofu mbichi wa samaki kama huyo una gramu 19 au 20 kwa kila 100, kwa hiyo ulipata kama 40. Hiyo bado ni siku yako nzuri kuliko zote, na samaki simgusi, endelea naye. Ila mpime mezani, kisha pima kilichobaki kwenye sahani baada ya paka kukatishwa tamaa.

Alhamisi kulikuwa na kitu kingine tofauti, na nakionyesha kwa sababu hakihusu maji kabisa. Umechagua mstari unaoitwa "Viazi karai, sahani moja": protini 18, wanga 40, mafuta 10, kalori 220. Viazi karai vina viazi na unga uliokaangwa. Hiyo 18 imetoka wapi? Hapa kuna jaribio ambalo halihitaji mizani. Gramu moja ya protini ina kalori 4, ya wanga 4, ya mafuta 9. Zidisha ujumlishe: 72, 160 na 90 ni 322. Mstari wenyewe unasema 220. Mbili hizo haziwezi kuwa kweli pamoja. Maana yake kuna mtu, mtumiaji kama wewe, aliketi mahali akajaza namba za kichwani, na programu ikamkubalia. Mistari mingi ya vyakula vyetu imeingizwa hivyo. Tofauti ndogo usiihangaikie, kuna ufumwele na kuna kukadiria, ikipishana kwa sehemu moja ya kumi acha ipite. Ikipishana kwa mia nzima, kimbia.

Na kwa mbaazi, pojo, maharagwe na dengu, huhitaji hata kuzidisha. Tazama kalori kwa gramu 100. Ikiwa 330 au 340, huo ni mstari wa kavu, hata kama jina lake limeandikwa "ya nazi". Ikiwa 100 na ushei, ni zilizochemshwa. Hakuna katikati ya kutatanisha. Kama unataka namba za kutegemea, Serikali ya Kenya na FAO, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, walitoa jedwali la vyakula vya Kenya mwaka 2018, na humo chakula kibichi na kilichopikwa vimeandikwa mbalimbali, vyote kwa gramu 100 za sehemu inayoliwa. Maneno hayo matatu ya mwisho ndiyo yanayomtoa changu kichwa chake.

Sasa kazi ya nyumbani. Mwambie mkeo aache kupima kuku asubuhi, atakushukuru. Wewe pima kipande kwenye sahani kikiwa kimeiva, ukile, pima mifupa, toa, kisha tumia mstari unaosema "paja, na ngozi, lililopikwa". Ukila kifua, tumia cha kifua. Kwa mbaazi na pojo fanyeni ile ya sufuria. Pimeni sufuria tupu mara moja tu, uzito wake uandikwe kwa kalamu ya wino kwenye kipande cha plasta chini ya mkono wake, usirudie tena maisha yako yote. Kila zikipikwa, mkeo akuandikie gramu za kavu alizotia, na mwisho uzito wa sufuria ikiwa imejaa. Ndani ya programu kuna mahali pa kuunda chakula chako mwenyewe: ingiza namba za sufuria ile, ziite "mbaazi za nyumbani", na tangu hapo usitafute tena neno "mbaazi" kwenye orodha ya watu. Mchuzi ukiwa mwepesi siku moja na mzito siku nyingine, namba itacheza, 5 leo, 6 kesho. Hiyo ni sawa. Tunataka kuacha kukosea kwa nusu. Gramu mbili tatu hazinikoseshi usingizi.

Ukila nje usijisumbue na mizani, watu watakutazama vibaya. Nyama iliyoiva isiyo na mfupa, pande la ukubwa wa kiganja bila vidole, ihesabie gramu 25 za protini. Mishkaki itoe kwenye kijiti kwa macho, uikusanye kichwani iwe kiganja. Biriani ikija na kipande cha mbuzi ambacho nusu ni mfupa, kihesabie nusu kiganja, hata kama sahani imejaa. Wali si kitoweo.

Kutoka 88 kwenda 125 hakuhitaji maajabu, wala sitaki ununue kopo la pili. Unga ukiujaza gramu 33 kamili umepata 6. Maziwa bilauri mbili za mililita 250, moja asubuhi moja usiku, ni 16. Kuku mchana, badala ya kipande kimoja kula kimoja na nusu, hiyo ni 14 nyingine. Umefika 124. Gramu moja iliyobaki usiniulize. Mbaazi zako endelea nazo vile vile, mimi mwenyewe asubuhi bila mbaazi na hamri siamki vizuri. Ila zihesabu kama wanga wenye protini kidogo. Kitoweo zisiwe.

Utaona jumla ya simu imeshuka ghafla kutoka 160 kuja 120, na utadhani umerudi nyuma. Usiongeze chakula kwa hofu hiyo. Skwati tunaiacha kilo 80 wiki mbili za kwanza, tusijaribu kuipandisha, na kila asubuhi baada ya choo jipime uzito, uniandikie wa wiki nzima. Kama hesabu yangu ni sahihi, uzito utaacha kushuka kabla ya wiki ya pili kwisha. Ukiendelea kushuka, basi kuna mstari mwingine ambao mimi na wewe hatujaufungua, na nina shaka na ile "siagi ya karanga, kijiko" ya Jumamosi, ambayo umeiandika mara nne.

Jumatano njoo na simu ikiwa na chaji. Na mwambie mkeo nimesema upimaji wake ulikuwa sahihi tangu mwanzo.

Kocha wako